Kuondoa Mandhari ya Picha kwa Kompyuta Yenye Kumbukumbu Ndogo

Wako walimu wengi waaminio kwamba Photopea ndiyo programu ifaayo kompyuta kuukuu, kwa kuwa hufunguliwa ndani ya kivinjari na haihitaji kusimikwa. Hudhani kuwa kazi yenyewe hufanywa na kompyuta nyingine iliyo mbali. Sivyo hata kidogo. Photopea huihariri picha kwa kumbukumbu ya kompyuta iliyo mezani pako, na kivinjari nacho kina fungu lake.

Natuchukue mfano. Mwalimu wa baiolojia ana kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, naye ataka jani libaki peke yake pasipo mandhari ya nyuma. Picha yake ina pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12. Kila pikseli huhitaji baiti 4: tatu za rangi na moja ya uangavu. Hivyo tabaka moja tu huchukua megabaiti 48, na kila badiliko kubwa huongeza mzigo, kwani programu huihifadhi hali ya awali ili uweze kurudi nyuma.

Photoshop yafaa iwekwe kando mapema: ni ya kulipia, na watengenezaji wake hutaka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8. Baina ya mbili zilizosalia, mimi naichagua GIMP. Hiyo ni ya bure, hufanya kazi bila mtandao, na kumbukumbu ikijaa huhamishia ziada katika diski. Dalili yake ni taa ya diski kuwaka mfululizo na kazi kuzorota. Lakini kazi haipotei. Kivinjari kikikosa nafasi chaweza kuufunga ukurasa, na yale ambayo hayajahifadhiwa yakapotea.

Hatua ya kwanza iwe kupunguza picha kwa `Scale Image` hadi pikseli 1,600 kwa 1,200. Tabaka sasa litachukua takriban megabaiti 7.7, chini ya sehemu moja ya sita ya awali. Hifadhi nakala hiyo kwa jina jipya, ufunge picha kubwa, kisha ufungue nakala. Lizungushie jani mstari kwa `Free Select`, ulainishe ukingo kwa `Feather` ya pikseli 2, halafu uchague `Add Layer Mask` na `Selection`. Mandhari itafichika bila kufutwa, na kosa laweza kusahihishwa. Weka tabaka la rangi nzito chini yake: utepe mweupe ukionekana ukingoni, upake rangi nyeusi juu ya mask mahali hapo. Mwisho lifiche tabaka hilo, utoe picha kwa muundo wa PNG, kwa maana JPEG haihifadhi uangavu.

Photopea ibaki kwa picha moja ndogo, kurasa nyingine za kivinjari zikiwa zimefungwa.