Kufunika sura hakutoshi: fishie yenyewe inasema



Kuko mazoea mubaya mu grupu zetu na leo tunayasema wazi. Mutu anapiga foto, anaweka duara nyeusi juu ya sura za watu, kisha muhusika wa grupu anamwambia: «Tuma kama Document, isipoteze kalite.» Naye anatuma. Sura zimefichwa, lakini anwani ya yule aliyepiga imeenda pamoja na foto. Anayeomba vile bila kueleza matokeo anaweka mwenzake mu hatari ili apate foto nzuri ya kuweka mu paji.

Tuseme mama mumoja wa Himbi, hapa Goma, amepiga foto akiwa dirishani kwake: polisi wako barieri, wanapokea makuta ya dereva wa moto. Hakuna anayemuona mama mu ile foto. Sasa mutu yeyote aliyepokea fishie anaifungua na exiftool, programu ya bure, na anasoma hivi:

```
Camera Model Name  : SM-A125F
Date/Time Original : 2023:03:14 10:12:45
GPS Position       : 1 deg 40' 30.00" S, 29 deg 12' 0.00" E
```

Mustari wa kwanza ni aina ya telefone, Samsung A12. Wa pili ni siku na saa kufuatana na saa ya telefone. Wa tatu njo unaumiza: sekunde moja ya ile namba ni kama metre 31 chini, na telefone inaandika mpaka sehemu za sekunde. GPS inaweza kukosea metre chache, lakini mu avenyu yenye nyumba kumi hiyo haisaidii sana. Anayetafuta anaenda mu parseli mbili ao tatu, anauliza nani ana Samsung ya namna ile.

Musiseme hii ni hadithi. Mwezi wa 12 mwaka 2012, John McAfee, mwenye alianzisha kampuni ya antivirus, alikuwa anakimbia polisi ya Belize. Waandishi wa Vice walitoa foto yake iliyopigwa na iPhone 4S, na GPS ilibaki ndani. Watu walisoma namba, wakajua yuko Guatemala, karibu na piscine fulani. Siku mbili nyuma yake alikamatwa. Alikuwa mutu wa komputa, na foto haikupigwa naye!

Wengine wanajibu: «WhatsApp inafuta yote.» Ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu njo inadanganya. Ukituma foto kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaikandamiza na GPS inabaki nje. Ukiituma kama Document, inapita jinsi ilivyo, herufi kwa herufi. Vilevile kwa email, Bluetooth, ao karte ya memori.

Basi kabla ya kutuma, tazama. Mu Google Photos fungua foto, sukuma juu na kidole: ukiona karte ya mahali, GPS inaweza kuwa ndani. Kwenye Android, Scrambled Exif inafanya kazi vizuri: unaisambazia foto, nayo inatoa kopi safi. Wenye komputa ao Termux:

```
exiftool -all= -o safi.jpg foto.jpg
```

Hapa wengi wanaanguka. Ukisahau `-o safi.jpg`, programu inasafisha foto yako lakini inaacha ya zamani kando yake, kwa jina `foto.jpg_original`. Tumeona watu wanatuma dosie nzima na hiyo ndani yake. Tena foto inaweza kulala upande, juu alama ya kuigeuza nayo imefutwa. Igeuze tu kwa mukono. Na jina la fishie halifutwi: `20230314_101245.jpg` inasema saa hata kama ndani hamuna kitu. Badilisha jina, kisha soma tena `safi.jpg` mbele ya kuituma.

Mu mipangilio ya kamera, zima kuandika mahali. Lakini hiyo ni kwa foto zinazokuja. Zile za zamani zimeshabeba anwani.

Kitu kimoja tunakataa kabisa: kufuta orijinali. Kopi safi njo ya grupu na ya mutandao. Orijinali, pamoja na saa na GPS yake, ni kitu avoka ataomba siku yule polisi atasema foto ni ya mwaka mwingine ao ya muji mwingine. Iondoe mu telefone ya kila siku, iweke mu karte ya memori, kwa mutu ambaye hayuko mu grupu.

Na wahusika wa grupu: anayetuma Document ya foto, mufute mara moja, mumuandikie pembeni, si mbele ya watu.