Binti Yako Anapokwenda Mashindano ya Sataranji

Mama mwenzetu, hapa kwetu Dumila kila mtoto anaujua mchezo wa drafti. Anauona chini ya mwembe, anauona pale mabasi yanaposimama, na anajua kwamba wanaocheza ni wawili lakini wanaosema ni kumi. Mmoja anasema "mla huyo," mwingine anacheka, wa tatu anaingiza mkono na kusogeza kete. Hakuna anayekasirika, kwa maana ndivyo drafti ilivyo.

Sataranji, ambayo vijana huiita chesi, huchezwa juu ya ubao unaofanana na ule wa drafti, lakini adabu zake za mashindano ni nyingine kabisa. Mtoto aliyefundishwa mchezo huo shuleni, akapanda basi kupitia Magole na Dakawa mpaka Msamvu ili akashindane mara ya kwanza Morogoro mjini, anaweza kujua kusogeza kete vizuri sana na bado akapoteza mchezo kwa jambo lisilohusu kete hata kidogo. Tunataka kuyaeleza mambo hayo hapa, kwa sababu mengine yanatuhusu sisi mama kuliko yanavyomhusu mtoto. Tunafuata sheria za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, zilizoanza kutumika Januari 2023.

Tuanze na simu, kwa kuwa ndiyo inayomaliza mchezo upesi. Sheria inasema mchezaji haruhusiwi kuwa na simu wala chombo kingine cha umeme mwilini mwake ndani ya eneo la mashindano, isipokuwa mwamuzi amekubali. Si lazima simu ilie. Ikigundulika mfukoni tu, imezimwa au haikuzimwa, mchezaji amepoteza mchezo na mpinzani wake anapewa ushindi. Waandaaji wanaweza kuweka adhabu nyepesi zaidi, au wakaruhusu simu iliyozimwa kabisa iwekwe ndani ya begi mahali mwamuzi atakapopaonyesha, lakini begi lenyewe haliguswi tena mpaka mchezo uishe bila ruhusa yake. Saa za mkononi zinazopokea ujumbe zinahesabiwa sawa na simu.

Huruma haipo hapo. Mwaka 2003 huko Plovdiv, Bulgaria, Ruslan Ponomariov wa Ukraine alikuwa bingwa wa dunia wa FIDE. Simu yake ililia katikati ya mchezo wa mashindano ya timu za Ulaya, naye akahesabiwa ameshindwa. Siku hiyo ndiyo alikuwa anatimiza miaka 20. Ikiwa bingwa hakusamehewa, mwanafunzi wa Dumila asitegemee kusamehewa.

Sasa, mtoto wetu huenda hana simu yake. Tatizo ni kwamba sisi wenyewe tunampa ya kwetu, ili atupigie akifika. Basi, akifika apige, kisha simu aikabidhi kwa mwalimu aliyewasindikiza, ambaye naye ataizima. Tena zipo simu ndogo za vitufe ambazo kengele ya kuamsha hulia hata kama simu imezimwa. Ifute kengele hiyo nyumbani kabla ya safari. Na mama uliyeamua kumsindikiza mwanao, sheria haikuachi wewe pia: hakuna mtu anayeruhusiwa kutumia simu ndani ya ukumbi bila idhini ya mwamuzi, hata kwa kupiga picha ya kumbukumbu.

Kuhusu kuzungumza, hatuna mengi. Kabla ya mchezo, mtoto amsalimu mpinzani wake na kumpa mkono. Katika mashindano ya wazi anaweza kupangiwa mtu mzima wa umri wa baba yake. Amwamkie "shikamoo" kama kawaida, akae. Baada ya hapo, maneno ya kumwambia mpinzani ni machache mno: "narekebisha," akitaka kuiweka sawa kete iliyopinda, na neno la sare tutakalolieleza. Kete anairekebisha wakati wa zamu yake, na neno hilo linatangulia mkono. Akigusa kwanza ndipo aseme, amechelewa, kwa maana kete iliyoguswa kwa nia ya kuchezwa lazima ichezwe ikiwa inaweza kusogea. Kuimba kwa sauti ya chini, kugonga meza kwa vidole au kutafuna karanga ni kumsumbua mwenzake. Nasi tulio pembeni tukae mbali na macho yake. Mtoto akituangalia nasi tukatikisa kichwa, tumempa ushauri, na ushauri umekatazwa.

Sare ndiyo inayowachanganya wengi. Wachezaji wawili wanaweza kukubaliana kwamba mchezo uishe bila mshindi, kila mmoja apate nusu pointi. Kuna utaratibu wake. Mchezaji anacheza kwanza kete yake, kisha anasema kwa sauti ndogo, "Napendekeza sare," kisha ndipo anabonyeza saa. Wote wawili wanaandika alama (=) katika karatasi zao za kuandikia hatua. Baada ya kusema, hawezi kulirudisha neno lake, wala hawezi kuliwekea masharti. Mwenzake ana uhuru: anaweza kukubali, anaweza kusema hapana, au akakataa bila kusema lolote kwa kugusa kete ili acheze. Kuomba tena na tena kila baada ya hatua mbili ni usumbufu, na mwamuzi anaweza kumwadhibu mtu kwa hilo. Vilevile mashindano mengine hukataza sare kabla ya idadi fulani ya hatua, kwa hiyo ni vizuri mtoto aulize asubuhi kabla ya kukaa mezani.

Hapa malezi yetu yanaweza kumponza. Binti aliyelelewa kutokumkatalia mkubwa, akiambiwa na mtu mzima, "Mwanangu, tufanye sare tu," anaona aibu kukataa hata kama anaelekea kushinda. Mfundishe kwamba kucheza hatua yake kimya ndilo jibu, na halina utovu wa adabu.

Hatari kubwa zaidi iko katika mkono. Mpinzani anaponyoosha mkono katikati ya mchezo, anaweza kuwa anataka sare, na anaweza kuwa amekubali kushindwa. Au anaweza kudhani ni binti ndiye aliyekubali kushindwa. Wakishikana mikono bila neno, kila mmoja anaondoka na matokeo yake kichwani. Mtoto asiushike mkono huo kabla hajauliza, "Ni sare, au umekubali kushindwa?" Kama jibu halieleweki, amwite mwamuzi. Kisha asome kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi, kwa maana matokeo yaliyotiwa sahihi na wote wawili yanabaki hivyo hata kama yameandikwa vibaya, isipokuwa mwamuzi aamue vingine.

Tumefika kwenye ugomvi. Tuseme binti wa miaka 14 anacheza na bwana mmoja mtu mzima. Bwana anamshika farasi wake, anamnyanyua kidogo, anaona atapoteza kitu, anamrudisha, kisha anacheza ngome na kubonyeza saa. Hilo ni kosa: farasi aliguswa, farasi lazima achezwe. Binti afanye nini?

Kwanza asiguse kete yoyote. Hili ni la kukumbukwa kuliko mengine yote, kwa sababu sheria inasema mara mchezaji anapogusa kete yake kwa nia ya kuicheza, haki ya kulalamikia kosa la namna hiyo imekwisha. Pili, asimamishe saa. Mchezaji anaruhusiwa kuisimamisha anapohitaji msaada wa mwamuzi, na kabla ya mchezo amwombe mwamuzi amwonyeshe kitufe cha kusimamishia, maana saa hazifanani. Tatu, ainue mkono na kungoja. Asibishane na yule bwana, asiseme naye kabisa. Mwamuzi akifika, maneno yawe mafupi: "Mwamuzi, amegusa farasi, kisha amecheza ngome."

Mwamuzi atamuuliza bwana. Akikiri, ngome inarudi mahali pake na farasi anachezwa, ikiwa ipo njia halali ya kumcheza. Akikana, na mwamuzi hakuona wala hakuna ushahidi, kwa kawaida mchezo unaendelea kama ulivyo. Ndiyo, inauma. Lakini hata hapo malalamiko hayakuwa bure, kwa kuwa kuanzia dakika hiyo mwamuzi mwangalifu hatakaa mbali na meza ile.

Jambo hili limewahi kumpata msichana aliyekuwa hodari kuliko wengi. Mwaka 1994, katika mashindano ya Linares nchini Hispania, Judit Polgar wa Hungaria, akiwa na miaka 17, alicheza na bingwa wa dunia Garry Kasparov. Kasparov aliweka farasi, akaonekana amemwachia, kisha akamchukua tena na kumpeleka mahali pengine. Kete iliyokwisha kuachiwa hairudiwi. Judit hakudai palepale. Mchezo ukaendelea na Kasparov akashinda. Baadaye picha za kamera zilionyesha kwamba vidole vilikuwa vimemwacha farasi kwa kama robo ya sekunde. Picha hazikubadili matokeo. (Mwaka 2002 mjini Moscow, Judit alimshinda Kasparov, lakini huo ulikuwa mchezo mwingine.)

Na mama aliyeona kosa hilo kwa macho yake, akiwa amesimama ukutani? Asipige kelele, asiikaribie meza, asimwambie mwanawe. Anayeona kosa anaruhusiwa kumweleza mwamuzi peke yake. Ni kumnong'oneza na kurudi nyuma. Usishangae mwamuzi akisita kuliamini neno la mama mzazi. Nasi tungekuwa mahali pake tungesita.

Uamuzi ukitolewa na mtoto haridhiki, aendelee kucheza kwa heshima. Zipo taratibu za rufaa katika mashindano ambayo kanuni zake zimeruhusu, na rufaa inaweza kukatwa hata kama karatasi imekwisha kutiwa sahihi. Mwalimu aulize mapema kama kamati ya rufaa ipo, inapokea malalamiko mpaka saa ngapi, na kama kuna ada ya kulipa. Malalamiko yaandikwe siku hiyohiyo: jina la mpinzani, namba ya meza, hatua ya ngapi, nini kiliguswa na nini kilichezwa. Karatasi ya hatua isitupwe, kwa maana ndiyo itakayoonyesha kete zilisimama wapi.