Fedha Imeondoka, Tiketi Haikufika

Likizo za skuli zikikaribia, wengi wetu hapa Maskati hununua tiketi za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kwa njia ya mtandao. Mwezi huu tungependa kuzungumzia jambo linalowafika wengi: benki imekwisha kutuma ujumbe kwamba fedha zimetolewa, lakini barua-pepe yenye tiketi haionekani, na muuzaji anadai kuwa hakupokea kitu.

Kwanza tuelewe kilichokosekana. Tangu tarehe 1 Juni 2008 mashirika ya ndege yaliyo chini ya umoja wao wa kimataifa, IATA, yaliacha kutoa tiketi za karatasi. Tiketi yenyewe imo katika kompyuta ya shirika. Barua-pepe ni taarifa tu. Basi huenda tiketi ipo na barua ndiyo iliyopotea, aghlabu kwa herufi moja iliyokosewa katika anwani, au kwa kuangukia katika sanduku la Spam.

Namna ya kujua ni hii. Kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kuwekewa nafasi, yenye herufi na tarakimu sita, iitwayo PNR. Ya pili ni ya tiketi, yenye tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 910 ni Oman Air, 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Ingia katika ukurasa wa shirika lenyewe, si wa wakala, ufungue Manage booking, utie PNR na jina la ukoo. Ukiiona namba ya tarakimu 13, tiketi unayo. Ukiona safari bila ya namba hiyo, umewekewa nafasi tu, na nafasi hiyo yaweza kufutwa wakati wowote.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuchukue mfano wa baba anayekaa Al Khuwair, aliyelipa riyali 412.500 kwa wakala tarehe 11 Juni usiku. Ukurasa ukakwama, lakini benki ikamletea ujumbe wa kiasi hichohicho. Baba huyu asifanye haraka kulipa mara ya pili. Ujumbe ule wasema tu kwamba benki imezizuia fedha kwa ajili ya muuzaji. Haujathibitisha kwamba muuzaji amezichukua. Katika hesabu yake, malipo ya namna hii huonekana kwa neno Pending. Muuzaji asipoyakamilisha, zuio huanguka na fedha hurudi baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo muuzaji anayesema siku ya kwanza kwamba hajapokea huenda anasema kweli.

Tuseme tarehe 15 neno Pending limeondoka na riyali 412.500 zimeandikwa kuwa zimelipwa. Hapo ndipo ushahidi ulipopatikana. Baba aombe benki taarifa ya hesabu yenye muhuri, inayoonyesha tarehe, kiasi, na jina la muuzaji kama lilivyoandikwa, ambalo mara nyingi silo jina la dukani. Aombe pia namba ya ARN, yenye tarakimu 23. Kwa namba hiyo benki ya muuzaji huyafuatilia malipo, na ni vigumu kwa muuzaji kuyakana. Picha ya simu haina uzito huo, kwani hata malipo yaliyozuiliwa tu hupigika picha.

Kisha amwandikie muuzaji kwa ufupi: tarehe na saa ya malipo, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi, ARN, PNR kama anayo, na majina ya wasafiri kama yalivyo katika pasi. Aulize swali moja: "Namba ya tiketi ni ipi? Kama hamkutoa, rejesheni fedha kwa kadi ileile." Ataje na siku ya mwisho ya kujibiwa. Asitume kamwe namba nzima ya kadi, tarakimu tatu za nyuma, wala OTP. Anayeviomba hivyo hatafuti ushahidi, anatafuta fedha.

Muuzaji akinyamaza, baba aende benki kupinga malipo kwa sababu huduma haikutolewa, na aambatishe barua zote. Kwa kadi za Visa na Mastercard muda wa kawaida ni siku 120, lakini benki nyengine huweka muda mfupi zaidi. Basi aulize mapema. Aliyelipa kwa kuhamisha fedha kutoka hesabu hadi hesabu hana njia hii. Muuzaji akiwa na leseni hapa Oman, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kulinda Watumiaji, iliyoundwa mwaka 2011.

Na siku ya kununua, kabla hujaufunga ukurasa, iandike PNR kwa kalamu. Tukutane mwezi ujao, inshaallah.