Kulipwa ukisubiri hisa ishuke bei: angalia mtaji wako kwanza

Wadau, video za "kulipwa kila wiki na soko la hisa la Marekani" zimejaa kwenye magrupu yetu. Nyingi zinaelezea kitu kimoja: kuuza mkataba wa Put huku umeweka pesa taslimu ya kununulia hisa. Sio utapeli, upo kweli. Ila mimi naona wengi wetu wanaishia kuangalia ile pesa ya mwanzo tu.

Tuuelewe kwa mahindi ya hapa Songea. Tuseme gunia leo ni 70,000. Mkulima ana magunia 10, anaogopa bei itaanguka. Anakupa 20,000 leo, nawe unaahidi: ndani ya mwezi mmoja, akitaka kukuuzia, utachukua kila gunia kwa 60,000. Unatenga 600,000 na huigusi.

Bei ikibaki juu ya 60,000, haji kwako. 20,000 ni yako, hiyo ndiyo premiamu. Hata gunia likifika 90,000, hupati zaidi ya hapo. Bei ikishuka hadi 45,000, anakuletea mzigo wote. Unalipa 600,000 kwa mali ya 450,000. Ukitoa premiamu, uko chini kwa 130,000. Kukataa hakuna, ulishalipwa.

Kwenye hisa za Marekani ni hivyo hivyo, ila mkataba mmoja kwa kawaida ni hisa 100. Ukiahidi kununua kwa dola 10, dola 1,000 zinafungwa. Na aliyenunua haki hiyo anaweza kukuletea hisa siku yoyote kabla mkataba haujaisha, sio lazima asubiri siku ya mwisho.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza "Sell to Open", jiulize: bila kulipwa hata senti, ningeitaka hisa hii kwa bei hii, na kukaa nayo hata mwaka? Kama hapana, achana nayo. Premiamu ikiwa nono kupita kawaida, ujue soko linategemea bei kuyumba sana. Hakuna anayekulipa vizuri kubeba hatari ndogo.

Halafu hii pesa isiwe ya mzigo. Ukifunga hela ya kuagizia nguo za Desemba, wateja wako inbox hawatakusubiri mkataba uishe. Na kuna madalali wanaoruhusu uahidi bila kuwa na pesa yote. Hapo bei ikianguka unadaiwa, mimi huko siendi.

Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam utapata hisa na hatifungani, mikataba hii hakuna. Ila kama unachotaka ni hisa kwa bei ya chini, mwambie dalali wako aweke oda ya kununua kwa bei unayoitaka wewe. Premiamu hupati, lakini ukibadilisha mawazo kabla oda haijatimia, unaifuta na pesa yako inarudi dukani.