Acheni Ajuza Asimame Mlangoni

Video za kuwasomea watoto hadithi zinakimbia mno, na wanaozitengeneza wanaita mbio hizo uchangamfu. Mimi naziita uvivu. Mtu anachukua kitabu cha picha, anapiga picha kila ukurasa, anausoma kama taarifa ya habari, anatandika muziki wa kinanda kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha anatwambia ati amegeuza kitabu kuwa video. Kitabu hicho hakijageuzwa. Kimeburutwa tu.

Nafanya kazi hii ya kuandika skripti kati ya Migori na Homa Bay, na ugomvi wangu nitaujenga juu ya ukurasa mmoja pekee. Hadithi ni ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la volkeno karibu na Kendu Bay ambalo kila mtoto wa huku ameambiwa lilikuwa kijiji. Ajuza mmoja alifika usiku wa mvua, watu wakiwa kwenye sherehe ya pombe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha. Usiku huohuo maji yakakimeza kijiji. Katika kitabu chetu cha kurasa 12, ukurasa wa 5 una maneno haya: "Ajuza alisimama mlangoni. Mvua ilimlowesha. 'Nipeni mahali pa kukaa,' akasema. Hakuna aliyegeuka."

Hesabu maneno. Ni 12. Sasa chukua ile kanuni ambayo wengi wetu tumeinakili kutoka kwa miongozo ya Kiingereza, kwamba msomaji husoma maneno kama 130 kwa dakika. Kwa kanuni hiyo ukurasa huu unapewa sekunde tano na nusu. Lakini Kiswahili hakipimwi kwa maneno, ndugu yangu. "Ilimlowesha" ni neno moja lenye silabi sita, na "aliyegeuka" vilevile. Ukurasa mzima una silabi 44. Ukizisukuma ndani ya sekunde tano na nusu, unasoma silabi nane kila sekunde, na hiyo ni kasi ya mtangazaji wa mpira mshambuliaji akiwa amebaki na kipa. Nilijaribu kuyaweka maneno yaleyale kwa Kiingereza nikapata maneno 20 lakini silabi 24 tu. Kanuni hiyohiyo ingempa Mwingereza zaidi ya sekunde tisa. Yaani mtoto wa Rongo anapewa muda mfupi kuliko mtoto wa London kusikiliza silabi zinazokaribia kuwa mara mbili. Halafu tunashangaa akiulizwa hadithi ilihusu nini anasema "mvua".

Dawa si ngumu. Mimi huhesabu silabi nne kwa sekunde, kwa hiyo ukurasa huu unataka sekunde 11 za sauti. Kisha nausoma mwenyewe kwa sauti mara tatu nikishika saa ya simu, kwa sababu nukta nazo zinakula muda, na karatasi haijui kupumua. Nikimaliza, naandika hivi:

```
UKURASA 5
0:00  Picha. Kimya cha sauti ya msomaji. Nyatiti kwa mbali.
0:03  Msomaji anaanza. Nyatiti inashuka.
0:15  "Hakuna aliyegeuka." Msomaji ananyamaza.
0:15  Nyatiti inapanda kidogo, haikatizwi.
0:18  Ukurasa unageuka.
```

Hizo sekunde tatu za mwanzo ndizo zinazonigombanisha na watu. Mteja mmoja aliniandikia kwamba nizijaze, watoto wataboeka. Kwani kitabu cha picha ni nini? Mtoto asiyejua kusoma anasoma picha, na jicho lake halina haraka. Anamtafuta ajuza, anaona miguu yake mitupu, anaona moto ndani ya nyumba na migongo ya watu. Nyumbani angekushika mkono usigeuze karatasi. Kwenye video hana mkono wa kukuzuia. Mwandishi wa skripti ndiye anayemshikia huo mkono, na akikosa kufanya hivyo hakuna mwingine atakayefanya.

Ndiyo maana sipendi pia ile "ting!" ya kugeuza ukurasa. Ilikuwa na maana kwenye santuri za hadithi za Disney, zile za miaka ya sitini na kuendelea, kwa sababu mtoto alikuwa na kitabu mapajani na kengele ilikuwa inaambia vidole vyake vifanye kazi. Darasani ambako nakala za karatasi zipo, iweke, itasaidia. Lakini kama ukurasa unajigeuza wenyewe kwenye skrini, kengele unamlilia nani?

Turudi kwa sauti. Picha inaonyesha mvua. Maneno yanasema mvua. Mwenye haraka anaongeza mvua ya kurekodi, na mtoto ameambiwa jambo moja mara tatu. Mimi nimeiacha mvua kwa picha na maneno, nikaweka nyatiti ya sherehe, kwa sababu nyatiti inasema kitu ambacho hakipo kwingine. Msomaji akimaliza "Hakuna aliyegeuka", muziki unaendelea bila kusita, na mtoto anasikia mwenyewe kwamba watu wale hawakujali hata kidogo. Ukiukata muziki hapo ili "kuonyesha huzuni", umeharibu. Umewafanya wanakijiji wawe na aibu ambayo hawakuwa nayo.

Wakati msomaji anasema, nyatiti inakaa chini yake kwa desibeli 20. Kiwango hicho kimo katika mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha matumizi ya tovuti kwa watu wenye ulemavu, WCAG, na kwa sikio ni kama robo ya ukubwa wa sauti ya msomaji. Wengine wataona ni kidogo mno. Basi wasikilize video kwa simu ndogo chini ya mabati mvua ikinyesha, si kwa vipokea sauti vya studio. Kwa simu hiyo hata ngurumo ya radi ya ukurasa wa 9 itapotea, maana spika ndogo haiwezi kutoa besi. Badala ya mngurumo mzito nimeandika mlio mkavu wa radi ya karibu, kwa sauti ya chini, na unafika.

Najua hoja ya bando. Sekunde 18 mara kurasa 12 ni kama dakika tatu na nusu, na watu wananiambia mzazi wa Mbita hana pesa za kuangalia kimya. Lakini faili ya video huhifadhi hasa kile kinachobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Picha iliyotulia karibu haina mabadiliko, kwa hiyo ni nyepesi. Kinachokula bando ni ile kamera inayosogea-sogea na majani yanayorushwarushwa ili kuficha kwamba picha imetulia. Toa mbwembwe hizo, na kimya kitakuja kwa bei ndogo.

Limebaki toleo la Kidholuo, na hapa ndipo nawaona wenzangu wakidhulumu kabisa. Sera ya Kenya imesema kwa miaka mingi kwamba madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo, na Homa Bay lugha hiyo mara nyingi ni Kidholuo, ilhali mjini Migori mara nyingi utahitaji Kiswahili, na Kehancha Kikuria. Basi mtu anatafsiri maneno, anamwita msomaji mpya, kisha anamlazimisha aingie kwenye muda uleule wa Kiswahili ili asiguse video. Maneno ya Kidholuo ni mafupi. Msomaji anamaliza mapema, anaambiwa avute, anavuta, na kila mtoto anasikia kwamba huyu haongei, anavutwa. Pima upya kila ukurasa, saa mkononi. Kama ukurasa wa 5 ukitoka na sekunde 15, uwe 15.