BARABARA YA MBALI INAPOCHEZACHEZA KATIKA KIOO CHA KOMPYUTA

Vijana wengi siku hizi hujifunza kuunda picha za kompyuta zenye kina, yaani zile ambazo mtazamaji aweza kupita ndani yake na kugeuka apendavyo. Mtu aundaye picha ya namna hiyo kwa ajili ya mafunzo ya udereva hukutana mapema na dosari moja yenye kuudhi. Barabara iliyo karibu huonekana safi. Lakini ile iliyo mbali hujaa michirizi ya rangi ya nyasi, yenye meno kama ya msumeno, na gari likisogea michirizi hiyo huchezacheza bila kutulia. Dereva mwanafunzi hawezi kutambua kama barabara inakata kushoto au kulia. Naye mwundaji, akidhani ameichora vibaya, hukesha akiichora upya, na asubuhi dosari iko palepale. Barabara haina kosa. Kosa limo katika tarakimu moja ya kamera.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kujua jinsi kompyuta inavyoamua kipi kionekane na kipi kifichwe. Kwa kila nukta ya kioo, kompyuta huweka daftari la umbali. Inapochora nyasi, huandika humo nyasi ziko mbali kiasi gani. Inapokuja kuchora barabara juu ya nukta ileile, hulinganisha umbali huo mpya na ule wa kwanza, na kilicho karibu zaidi na jicho ndicho hubaki. Njia hii ilielezwa na Edwin Catmull katika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 1974, na hata leo ndiyo itumikayo kwa kawaida.

Lakini daftari hilo halina nafasi isiyo na mwisho. Mara nyingi kila umbali huandikwa kwa biti 24, nazo hutoa alama 16,777,216 tu. Mtu angedhani kwamba alama hizo zimepangwa sawasawa, kama zile za rula, kutoka karibu hadi mbali. Sivyo. Kinachoandikwa si umbali wenyewe, bali ni hesabu itokanayo na kugawa 1 kwa umbali huo, kwa sababu hesabu ya namna hiyo huiwia mashine rahisi kuieneza juu ya kioo. Matokeo yake ni kwamba alama husongamana mbele ya jicho, na kadiri mtu aendavyo mbali ndivyo zinavyoachana.

Mahali alama zinapoanzia huwekwa na mwundaji mwenyewe. Kila kamera ya picha hizi ina mipaka miwili: mpaka wa karibu, ambao kitu kilicho mbele yake kuelekea jichoni hakichorwi, na mpaka wa mbali, ambao kitu kilicho ng'ambo yake hakichorwi pia. Na ichukuliwe kamera iliyoandikwa hivi katika maktaba ya Three.js, kwa kipimo cha mita:

```
camera = new THREE.PerspectiveCamera(60, 16/9, 0.1, 10000)
```

Tarakimu mbili za mwisho ndizo mipaka yenyewe: sentimeta 10 na kilometa 10. Sasa tazama alama zinavyotumika. Nusu yake huishia kati ya sentimeta 10 na sentimeta 20 kutoka jichoni, mahali ambapo pengine hapana kitu chochote. Ifikapo mita 1, sehemu tisa kati ya kumi zimekwisha. Kwa nchi yote iliyo kati ya kilometa 1 na kilometa 10, hubaki alama kama 1,500 tu.

Nafasi iliyopo kati ya alama na alama yaweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi. Zidisha umbali kwa umbali wenyewe, ugawe kwa mpaka wa karibu, kisha ugawe kwa 16,777,216. Kwa kamera hiyo, kwenye mita 100 jibu ni milimeta 6, na kwenye mita 1,000 ni sentimeta 60. Umbali umeongezeka mara 10, na nafasi imepanuka mara 100.

Tuseme kwenye nukta fulani barabara iko karibu na jicho kuliko nyasi kwa sentimeta 20. Kuanzia kama mita 580, nafasi kati ya alama inakuwa pana kuliko tofauti hiyo, na barabara na nyasi huanza kuandikiwa alama ileile. Hapo mshindi huamuliwa na masalio madogo ya hesabu, nayo hubadilika kutoka nukta hadi nukta, na kila kamera isogeapo. Ndiyo maana michirizi hucheza gari liendapo, na hutulia gari lisimamapo.

Watu wengi hukimbilia kupunguza mpaka wa mbali. Kazi hiyo ni bure. Ukiushusha kutoka mita 10,000 hadi 3,000, nafasi kwenye mita 1,000 hubaki sentimeta 60 zilezile. Dawa iko upande wa karibu. Mpaka wa karibu ukipandishwa kutoka 0.1 hadi 1, nafasi hiyo hushuka hadi sentimeta 6, na barabara hutulia. Ukipandishwa hadi 2, hata kwenye mita 2,000 nafasi ni sentimeta 12, na tofauti ya sentimeta 20 bado ni salama.

Hata hivyo dawa hii ina bei yake. Usukani wa dereva uko kama sentimeta 60 kutoka jichoni. Mpaka wa karibu ukiwa mita 2, usukani, dashibodi na mikono hutoweka kabisa. Njia ya kutoka ni kuchora mara mbili: kwanza nchi ya nje, kwa kamera ianziayo mita 2, kisha daftari la umbali lifutwe, rangi zikiachwa, halafu ichorwe sehemu ya ndani ya gari kwa kamera nyingine, kutoka mita 0.1 hadi mita 5.

```
renderer.autoClear = false
renderer.clear()
renderer.render(nje, kameraYaNje)
renderer.clearDepth()
renderer.render(ndani, kameraYaNdani)
```

Gari limo mbele ya nchi daima, kwa hiyo kutenganisha huko hakuleti mgongano wowote.

Kabla ya kutibu, ugonjwa uhakikishwe. Pandisha mpaka wa karibu mara 10 kwa muda, uite `camera.updateProjectionMatrix()` ili badiliko lipokewe, uitazame barabara. Michirizi ikitoweka au ikisogea mbali zaidi, shida ilikuwa upungufu wa alama. Ikiwa barabara inacheza hata mita 5 mbele ya gari, basi imelazwa katika kimo kilekile cha nyasi, na hakuna mpaka utakaoiponya. Sharti iinuliwe kidogo, au nyasi zilizo chini yake ziondolewe. Na ikiwa kinachometameta ni waya mwembamba au kokoto za changarawe, pasipo rangi ya kitu kingine kupenya, hiyo ni dosari ya ulainishaji wa picha, wala daftari la umbali halihusiki.

Basi mwundaji aanze kwa kupima kitu kilicho karibu kabisa na jicho katika picha yake, aweke mpaka wa karibu mbele yake kidogo tu, wala si 0.01 kwa kujihami. Akiweka 0.01 katika picha hii ya barabara, nafasi kwenye mita 1,000 inakuwa karibu mita 6, na hapo hata ukuta wa nyumba na chumba kilicho nyuma yake vitagombea nukta moja.