Bidoni Ameketi: Kuandika Ndoto Bila Kuifasiri



Siku ya posho iliyopita, tulipokuwa tunachambua maharagwe, mama mmoja wa kikundi chetu alitoa kaye ndani ya kikapo na kutusomea shairi. Lilitoka katika ndoto yake. Tulinyamaza wote, hata mikono ikasimama. Ameniruhusu kuwasimulia namna alivyoliandika, ila jina lake libaki kwake.

Mama yake mzazi alifariki Beni mwaka 2019, wakati wa Ebola. Mnakumbuka siku zile: ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kwisha kwake kukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Kati ya tarehe hizo mbili, aliyekufa kwa ugonjwa ule hakuoshwa na watoto wake. Watu wenye nguo nyeupe za kujikinga waliuweka mwili ndani ya mfuko wakauzika, na jamaa wakatazama kwa mbali. Yeye alisimama ng’ambo ya barabara. Leo anakaa Butembo, na ndoto ilimfuata huku.

Kwetu, ukisimulia ndoto asubuhi, kila mtu ana maana yake mkononi. Mmoja atasema ni mali inakuja, mwingine atasema marehemu anadai kitu, wa tatu atakuomba mwende kuombea. Sibishani nao. Lakini anayetaka shairi, maana hizo azifungie nje kwanza, kwa sababu maana ikiingia, ndoto inatoka.

Kazi ya kwanza ni kuikamata. Ndoto zilizo wazi zaidi huja karibu na mapambazuko, kwa kuwa vipindi vya usingizi wenye ndoto hurefuka kuelekea asubuhi. Basi mama huyu huweka kaye na biki chini ya mto. Akiamka, hasogei, hasemi na mtu, hawashi moto wala hafungui simu. Anaandika giza kwa giza, maneno mafupi tu: nani alikuwepo, alifanya nini, alisema nini. Ikiwa mtu wa ndotoni alisema Kinande, anaandika Kinande. Akisahau kipande, anaacha nafasi tupu, hakijazi kwa kukisia.

Kwa nini asiseme na mtu? Kwa sababu mdomo unapanga. Ukimsimulia jirani anayeomba kibiriti, utaanza kumwekea “kisha” na “ndiyo maana”, na ukirudi kwenye kaye utaandika hadithi uliyomsimulia jirani, si ndoto. Mwingereza Coleridge alisimulia kwamba shairi lake “Kubla Khan” lilimjia usingizini mwaka 1797. Alipokuwa akiliandika, akaja mtu mwenye shughuli, akamshika kama saa moja. Aliporudi, mengine yote yalikuwa yamepotea. Alilichapisha mwaka 1816 likiwa kipande tu.

Haya ndiyo mama wa kwetu aliyoyaandika alfajiri ile, kama yalivyo katika kaye: “Jiko la Beni, nyuma ya nyumba ya Butembo. Bidoni ya njano kwenye kiti cha mama. Ni mama. Anauliza kama nilishakula. Namwosha, nyuma ya masikio. Maji yanaingia hayatoki. Anazidi kuwa mwepesi. Mtu wa nguo nyeupe anahesabu milango, anauliza lita. Vikombe 17. Mgongoni. Maboya ni chumba cha pili. Hayupo, mkanda bado.”

Baada ya siku mbili akaandika shairi la kwanza, nalo lilianza hivi:

Niliota mama yangu amekuwa kama bidoni ya maji,
kwa sababu siku ile hatukuruhusiwa kumwosha.
Ajabu, nilipomwosha alikuwa mwepesi,
ndipo nikajua Mungu amempokea.

Hakuna uongo katika mistari hii. Lakini soma tena, mama, utaona kwamba umefika mwisho kabla ya kuingia. “Niliota” inakuambia usiogope, ni ndoto tu. “Kama” inatenganisha mama na bidoni, lakini ndotoni hawakutengana: alikuwa mama na alikuwa bidoni. “Kwa sababu” na “ndipo nikajua” zimeletwa na mtu aliyeamka. Na “ajabu” ndilo neno baya kuliko yote, maana ndotoni mwenyewe hakushangaa hata kidogo. Aliona bidoni amekaa, akajibu swali lake. Shairi likishangaa, mwenye kulala ameamka.

Basi akafuta maneno hayo matano. Kisha akatafuta sheria ya ndoto. Kila ndoto ina sheria yake, nayo ni ngumu kama sheria ya Leta: ndani yake kila mtu anaitii, hakuna anayeieleza. Katika ndoto hii sheria ni moja: kila maji yakiongezeka, uzito unapungua. Sisi tunaotoka mtoni tunajua bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 mgongoni. Huko ni kinyume. Ukishaijua sheria, kazi yako ni kuifuata mpaka mwisho, bila kuipindua na bila kuleta miujiza mingine ili shairi lipendeze. Alikuwa ameongeza ndege wa dhahabu juu ya paa. Ndege hakuwemo ndotoni. Tukamfukuza.

Hapo Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Tukisema “bidoni imekaa kwenye kiti”, ni kitu kilichowekwa. Tukisema “bidoni ameketi”, mtu amekuja, na hatukuhitaji “kama” wala maelezo. Herufi moja mwanzoni mwa kitendo inatosha. Lakini angalia: hapa Butembo, tunapoongea, tunachanganya sana hayo, na msomaji anaweza kudhani umekosea. Kwa hiyo maneno mengine yote yaandikwe kwa usahihi: kiti cha mama, maji yanaingia, mkanda unavuta. Hapo ataona kwamba ile “a” umeiweka kwa kusudi. Na ukiianza, usiiache. Mama huyu aliandika “ameketi” mstari wa pili, halafu chini akaandika “ilipungua uzito”. Kwa mstari huo mmoja, mama yake akarudi kuwa plastiki. Alisahihisha: “anapungua”.

Alijaribu vina pia. Mstari wake uliishia na “maji”, akatafuta neno la kufuatana nalo, akapata “mfariji”. Neno zuri, lakini hakuna mfariji aliyekuwa jikoni mle. Kina ndicho kilimwita. Mashairi ya vina yana nafasi yake, ila Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 alionyesha kwamba shairi la Kiswahili laweza kusimama bila vina. Kwa ndoto, njia hiyo ni salama zaidi.

Hili hapa shairi kama alivyotusomea:

Jiko la Beni liko nyuma ya nyumba ya Butembo.
Bidoni ameketi kwenye kiti cha mama.
Anauliza, “Ulishakula?”
Ninasema, “Bado.”
Ninamwosha kwa maji ya moto na sabuni,
shingo, mabega, nyuma ya masikio.
Maji yanaingia, hayatoki.
Kila kikombe, anapungua uzito.
Mtu wa nguo nyeupe anahesabu milango.
“Mama yako ni lita ngapi?”
“Ishirini.”
“Endelea,” anasema, anaandika.
Vikombe kumi na saba.
Ninamfunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso,
tunashika njia ya Maboya.
Maboya ni chumba cha pili.
Ninafika. Mgongoni hakuna mtu.
Mkanda unavuta.

Ona vitendo karibu vyote viko katika wakati wa sasa, “ninamwosha”, “ninafika”, kwa sababu ndoto haina jana. Ona pia hakuna daraja kati ya Butembo na Maboya. Tunaopita njia ile ya Beni tunajua si chumba cha pili; yeye hakutuomba radhi, akaingia tu.

Mmoja wetu aliuliza kwa nini vikombe ni kumi na saba, si ishirini, ili vilingane na lita. Akajibu, “Ndivyo nilivyohesabu.” Jibu hilo ni kanuni nzima. Namba, jina na rangi ambazo ndoto imezitaja wazi, ziache kama zilivyo. Ukizilinganisha, umeanza kufasiri.

Utajuaje kama umefaulu? Msomee mtu asiyejua ndoto yako, usimwambie lolote kabla. Akisema, “Nimeelewa, ni habari ya mazishi,” basi umeeleza mno. Tafuta mstari uliomwambia, uufute. Akisema, “Sikuona kitu,” sheria yako haionekani, au mambo ya ajabu yamekuwa mengi mpaka yanapigana. Lakini akianza kukusimulia mtu wake mwenyewe, acha biki chini. Siku ya posho, mama aliyekaa karibu na mlango hakuuliza maana. Alisema, “Wangu nilimwona mfuko tu.” Hakuwahi kutuambia hilo tangu mwaka ule.

Neno moja la kuangalia. Wengi huku tuliona mauaji kwa macho, na ndoto zake si za namna hii: hurudi zilezile usiku hata usiku, mtu anaamka anatoka jasho. Ndoto ya hivyo usijilazimishe kuiandika ukiwa peke yako. Ukianza, moyo ukapiga mbio, funga kaye, kaa na mtu, na uende kwenye kituo cha afya kuomba msaidizi wa mambo ya kisaikolojia. Shairi linaweza kungoja.

Kwa wengine: chagueni ndoto moja, fupi, ya juma hili. Iandikeni kabla ya kuwasha moto wa chai. Siku ya pili futeni “niliota”, “kama”, “kwa sababu”, “ajabu” na “ndipo nikajua”, halafu tafuteni sheria yake. Mkimaliza, leteni kaye siku ya posho. Maharagwe bado ni mengi.